Maneno ya "Self" katika Kiingereza: Pa Lazima, pa Hiari na pa Makosa

Wasomaji wetu wengi waandikao barua kwa Kiingereza hutatizwa na maneno "myself", "himself", "themselves" na jamaa zake. Sababu yake si ngumu kuiona. Kiunguja chetu kina vyombo viwili mbalimbali: "-ji-" iliyomo ndani ya kitendo, kama kujikata, na "-enyewe" ya kutilia nguvu, kama sheha mwenyewe. Kiingereza hutumia neno lile lile kwa kazi zote mbili. Basi twapenda kuonyesha mahali pake.

Kwanza, pa lazima. Mtenda na mtendwa wakiwa mtu mmoja, na kitendo kikihitaji kutajiwa mtendwa, neno hili halina budi kuwapo. "Ali cut himself", maana yake Ali alijikata. Ukiandika "Ali cut him", umesema Ali alimkata mtu mwingine. Tazameni basi shahidi aandikiwaye maneno yake barazani: kwa neno moja tu, aliyeumia kwa kisu chake mwenyewe ageuka kuwa mshitakiwa.

Pili, pa hiari. Viko vitendo ambavyo Mwingereza huvidhania kuwa mtu hujitendea mwenyewe, kama kunawa, kunyoa ndevu, kuvaa na kujificha. "He washed" yatosha, na "He washed himself" si kosa. Vivyo hivyo neno likiwa la kutilia nguvu, waweza kulifuta na sentensi ikabaki nzima. Lakini mahali liwekwapo pana maana. "The sheha himself opened the well" humkuza sheha: ni yeye, si mjumbe wake. "The sheha opened the well himself" mara nyingi huonyesha kwamba aliifanya kazi kwa mkono wake. Na likitanguliwa na "by", yaani "by himself", maana huwa peke yake, bila mwenziwe au bila msaada.

Tatu, pa makosa, na hapa ndipo "-ji-" yetu itudanganyapo. Sisi twasema kujifunza, lakini Mwingereza husema "learn" tu. "I learned myself English" si Kiingereza sanifu. Akitaka kusema kwamba hakuwa na mwalimu, husema "I taught myself English", yaani nilijifundisha. Hali kadhalika kujisikia vizuri ni "feel well", wala halifuatwi na "myself".

Sasa tuseme karani mmoja wa Mkokotoni aandika barua hii:

"The sheha and myself visited Nungwi. Two fishermen had beaten themselves. Please send the answer to myself."

Tuipime sentensi kwa sentensi. Katika ya kwanza, mwondoeni sheha: yabaki "Myself visited Nungwi", na kila asikiaye atambua kosa. Neno la "self" ni kama kivuli; hutazama nyuma kwa mtu aliyekwisha kutajwa, wala haliwezi kusimama peke yake kuwa mtenda. Iandikwe "The sheha and I". Katika ya pili, karani alikusudia kusema wavuvi wawili walipigana, lakini aliyoandika ni kwamba walijipiga, kila mtu mwili wake. Kazi ya "-na" katika kupigana hufanywa na "each other": "Two fishermen had beaten each other". Katika ya tatu, aombaye ni karani, lakini atakiwaye kupeleka jibu ni yule asomaye barua. Watu ni wawili, basi huandikwa "to me". Wengi hudhani "myself" lina adabu zaidi; adabu imekwisha kutimizwa na "please".

Ni kweli kwamba wako Waingereza wasemao "my wife and myself", na wengine wao ni watu wa elimu. Lakini walimu wengi hulihesabu kuwa kosa katika barua rasmi, na "I" au "me" likitumiwa mahali pake halitalaumiwa na mtu.

Limebaki jambo la umbo. Mmoja huishia kwa "self", wengi kwa "selves". Kwa kawaida neno "you" la Kiingereza halibainishi wewe na ninyi, lakini hapa hubainika: "yourself" ni wewe mwenyewe, "yourselves" ni ninyi wenyewe. Tena huandikwa "himself" na "themselves". "Hisself" na "theirselves" hayakubaliwi katika Kiingereza sanifu.

Basi mwandikaji akiwa na shaka, na ajiulize: Je, mtenda na mtendwa ni mmoja? Kama sivyo, nikilifuta neno hili, sentensi yasimama? Likiwa halipiti katika swali lolote la haya mawili, wala halikutanguliwa na "by", na aandike "I", "me" au "each other" kwa kadiri ya maana yake.