Orodha ya mtindo: neno liamuliwe mara moja

Tuseme kikundi cha kuweka na kukopa kinaandaa kitabu cha mwongozo kwa wanachama wake. Waandishi ni watatu, kila mmoja na sura zake, na kila mmoja anaandika Kiswahili alivyozoea. Mhariri wa lugha anaeleza jinsi ya kuwaleta pamoja.

Kazi inaanzia wapi?

Inaanzia kwenye miswada yenyewe. Ukiandika kanuni kutoka kichwani utaamua mambo ambayo hakuna aliyeyakosea, na yanayogongana yatakupita. Soma sura zote ukiwa na jedwali la safu nne: umbo tulilochagua, maumbo tuliyoyakataa, ngeli na wingi, kisha sababu. Sura ya kwanza ina "mwekahazina", ya pili "mweka hazina". Mmoja ameandika "afisa", mwenzake "ofisa". Kila mgongano uingize hapo hapo unapouona, hata kama uamuzi bado.

Nani anaamua?

Kwanza kamusi, nayo iwe moja. Chagua Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, au Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, uitaje juu ya orodha pamoja na toleo lake. Hiyo itamaliza ubishi mwingi wa kutenga na kuunga: "kwa sababu" na "kwa hiyo" huandikwa mbalimbali, lakini "isipokuwa" hushikana. Kamusi ikikubali maumbo mawili, kama afisa na ofisa, tazama msomaji wako amezoea lipi, chagua, na usirudi nyuma. Safu ya wingi usiiache wazi, maana mtu aliyeandika "mwenyekiti" vizuri ukurasa wa tatu anaweza kuandika "mwenyekiti wote" ukurasa wa kumi, badala ya "wenyeviti wote".

Fedha na saa ziandikweje?

Hapa ndipo kitabu cha namna hii kinaweza kumtia mtu hasara. "Shilingi elfu kumi na tano" ni kiasi gani? Wengi watasoma 15,000, lakini maneno yale yale yanaweza kusomwa 10,005. Kwa hiyo kanuni iwe: fedha zote kwa tarakimu, koma ikitenga maelfu, nukta ikitenga sehemu ya desimali, na kifupisho kimoja tu, mathalani "Sh 15,000". Ondoa "15,000/=" na "Tsh.15000" popote zilipo. Weka pia nafasi isiyokatika kati ya "Sh" na tarakimu, ili kiasi kisigawanyike mwisho wa mstari.

Saa ina mtego wake. Mkutano wa "saa 8:00" ni wa mchana kwa anayehesabu kwa Kiswahili, ila simu iliyo mkononi mwake inaonyesha 14:00. Akija simu inapoonyesha 8:00 atafika asubuhi, saa sita kabla ya wenzake. Orodha iseme: saa za Kiswahili, na kipindi cha siku kitajwe kila mara, "saa 8:00 mchana". Vilevile "usiku wa Ijumaa" kwa wengine ni usiku unaotangulia Ijumaa, kwa wengine ni unaoifuata. Andika "usiku wa kuamkia Ijumaa" kama ndio unaoukusudia.

Na herufi kubwa?

Siku, miezi, lugha na mataifa hupewa herufi kubwa: Jumatatu, Machi, Kiswahili, Watanzania. Kinachohitaji uamuzi ni vyeo. Mimi hupendelea herufi kubwa cheo kikitangulia jina la mtu, na ndogo kikisimama peke yake: "mwenyekiti atafungua mkutano".

Maneno ya kukopa yanasumbua zaidi. Tufanyeje?

Chukua neno ambalo wasomaji wanalisema tayari, liandikwe kwa tahajia ya Kiswahili, na lipewe ngeli. Kompyuta inaeleweka kwa wengi kuliko ngamizi au tarakilishi, basi ibaki kompyuta.

Tatizo huja pale mnapobadili neno katikati ya kazi. Tuseme mmeamua "intaneti" iwe "mtandao", na mtu akaiagiza kompyuta ibadili zote kwa mkupuo. Sentensi "intaneti imekatika" inakuwa "mtandao imekatika", kwa sababu intaneti iko ngeli ya i-/zi- na mtandao uko u-/i-. Ilitakiwa "umekatika". "Intaneti yetu" nayo inageuka "mtandao yetu". Tena mtandao una maana nyingi: "mtandao wa simu" si intaneti, na "mtandao wa vikundi" wala hauna waya. Andika kwenye orodha maana mnayoikusudia.

Kabla ya kupeleka kitabu kiwandani, chukua ile safu ya maumbo yaliyokataliwa, ulitafute kila moja katika maandishi yote, na ulibadilishe kwa mkono, ukisoma sentensi nzima kila mara.