Uyoga wa Kila Juma

Ninyi mnaokaa Lubumbashi mnaujua uyoga. Mvua zikianza, karibu na mwezi wa 11, watu huutafuta porini na kuuza kando ya barabara. Wengi huuita bowa. Mvua zikiisha, bowa wa pori unaisha pia.

Lakini iko aina moja ya uyoga inayokubali kukuzwa nyumbani. Kwa Kifaransa inaitwa pleroti. Kofia yake ina umbo la sikio, na rangi yake ni ya majivu au nyeupe. Haihitaji udongo, bali chakula chake ni majani makavu na mabua. Kwa hiyo hata mtu asiye na shamba anaweza kuipata.

Katika mtaa wa Katuba mama mmoja alikuwa na kibanda cha matofali nyuma ya nyumba yake. Kilikuwa na mita 2 upande huu na mita 2 upande ule. Alitaka kupata feranga za kumlipia binti yake masomo ya sekondari. Tazameni namna alivyofanya.

Kwanza alikusanya mabua makavu ya maharagi, yasiyo na ukungu, akayakata vipande vifupi kama kidole. Akayatia katika gunia, akalizamisha katika pipa la maji, akaweka jiwe juu. Akawasha moto. Maji yalipokuwa karibu kuchemka, aliyaacha katika moto huo saa 2. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya mabua mna mbegu za ukungu zisizoonekana kwa macho. Zisipokufa, zitakula chakula cha uyoga.

Kisha aliyamwaga mabua juu ya meza safi iliyoinama, maji yatoke na joto lipungue. Akashika mabua mkononi akayakamua. Yalitoa matone mawili matatu tu. Hicho ndicho kipimo chema. Maji yakitiririka, mabua yataoza na kunuka. Yasipotoa hata tone, uyoga hautaota.

Mbegu za uyoga si kama mbegu za mahindi. Ni nafaka zilizopikwa, kisha zikafunikwa na nyuzi nyeupe za uyoga. Hutengenezwa na mafundi katika chumba safi sana, na mama alizinunua kwao. Aliosha mikono kwa sabuni, akajaza mfuko wa nailoni: mabua kidogo, mbegu kidogo, tena mabua, tena mbegu. Hakutia mbegu katika mabua ya moto, maana joto lingeziua. Kilo 1 ya mabua makavu inatosha mfuko mmoja. Ikilowa inakuwa karibu kilo 3, nayo inahitaji gramu 150 za mbegu. Akafunga mfuko na kuutoboa matundu machache madogo.

Siku hiyo mama alifunga mifuko 12, akaipanga katika kibanda chenye giza. Baada ya majuma 3 mifuko 11 ilikuwa myeupe yote. Mmoja ulikuwa na madoa ya kijani. Hayo ni ukungu: labda mabua yake hayakupata moto wa kutosha. Mama hakuufungua ndani ya kibanda. Aliutoa upesi, akauzika mbali.

Sasa alifungua dirisha, akaweka wavu kuzuia inzi, akaipasua mifuko kwa wembe safi mahali panne. Asubuhi na jioni alinyunyizia maji sakafu na kuta, hewa iwe na unyevu. Wakati wa kiangazi alinyunyizia mara nne, kwa maana upepo hukausha. Baada ya siku chache vichwa vidogo kama vya pini vilitokea. Baada ya siku nne tena vilikuwa uyoga mkubwa.

Binti aliuliza: «Mama, mbona huu una shina refu na kofia ndogo?»

Mama alijibu: «Mwanangu, huo uko nyuma, haupati hewa. Na ule wenye kingo zilizokauka haukupata unyevu. Uyoga wenyewe unatuambia unachotaka.»

Walivuna kabla ya kingo za kofia kugeuka juu. Hawakuchelewa, kwa sababu uyoga uliokomaa sana hutoa vumbi jeupe linaloleta kikohozi. Walishika fungu lote kwa shina, wakalizungusha, likatoka zima.

Mavuno yalikuwa karibu kilo 4 kwa siku mbili. Furaha ilikuwa kubwa, lakini haikudumu. Mwenye restora ya karibu alinunua kilo 1. Majirani walinunua kilo 1. Kilo 2 zilibaki. Pleroti mbichi, pasipo friji, hukaa siku moja au mbili tu. Siku ya tatu ulikuwa na maji ya kunata na harufu mbaya, ukatupwa. Juma lililofuata mwenye restora akarudi.

«Mama, leo nipe kilo nyingine.»

«Samahani, baba, leo hakuna.»

«Basi wateja wangu nitawapa nini? Mimi sihitaji uyoga mwingi siku moja. Nahitaji kidogo kila juma.»

Usiku ule mama na binti walikaa na daftari. Waliona kwamba mfuko mmoja huzaa mara tatu, kila mara baada ya siku kama 10. Mara ya kwanza hutoa karibu gramu 350, mara ya pili 200, mara ya tatu 150. Jumla ni gramu 700. Kisha chakula kimekwisha, na mabua hayo yanakuwa mbolea ya lengalenga.

Binti akasema: «Mama, tusifunge mifuko 12 siku moja. Tufunge 3 kila juma.»

Wakafanya hivyo. Kila mfuko hukaa kibandani karibu majuma 8. Kwa hiyo ndani yake ilikuwamo mifuko 24, juu ya rafu tatu. Mipya ilikuwa myeusi bado, mingine myeupe, mingine inazaa mara ya kwanza, mingine ya mwisho. Kila juma walivuna karibu kilo 2: 1 ya restora na 1 ya majirani. Waliupeleka asubuhi ileile katika kikapu kilicho wazi, kwa maana ndani ya nailoni iliyofungwa uyoga hutoka jasho na kuoza.

Uyoga ukibaki, mama aliuchana vipande na kuuanika juani mpaka ukavunjika kama jani kavu. Kilo 1 mbichi inabaki gramu 100 tu, lakini hukaa miezi mingi. Na mwezi wa 12, bowa wa pori unapojaa barabarani na bei inashuka, alianika zaidi, akauza kidogo.

Mwezi wa 9 binti aliingia sekondari. Mifuko ilikuwa ileile 12 kwa mwezi. Kilichobadilika ni siku za kuifunga.

Maneno magumu
Kukamua: kubana kitu ili maji yatoke.
Unyevu: hali ya kuwa na maji kidogo.
Kunata: kushika kama gundi.

Maswali
1. Kwa nini mabua hutiwa katika maji ya moto?
2. Utajuaje kama mabua yana maji mengi mno?
3. Madoa ya kijani yanaonyesha nini? Utafanya nini?
4. Mifuko 3 ikitoa gramu 350 kila mmoja, jumla ni gramu ngapi?
5. Mwenye restora yuko mtaani kwenu anataka kilo 2 kila juma, na majirani kilo 2. Utafunga mifuko mingapi kila juma?