Riali, baisa na nukta: jinsi ya kupanga safu ya bei ili hesabu ya matumizi isikupige chenga

Ndugu zetu mlioko Oman, somo hili ni lenu kwanza, halafu wa Kuwait na Bahrain. Riali ya Oman inagawanyika baisa 1000, na dinari ya Kuwait na ya Bahrain kila moja inagawanyika filsi 1000. Kwa hiyo bei za huko zina tarakimu tatu baada ya nukta. Walioko Dubai, Saudia na Qatar hela yao inagawanyika mara 100 tu, bei zina tarakimu mbili, na shida hii kwao ni ndogo. Lakini wengi wetu tumefanya kazi nchi moja kisha tukahamia nyingine, na mazoea ya kule tunayabeba huku. Hapo ndipo hela inapotea kwenye karatasi wakati mfukoni haijapotea.

Tuchukue dada anayefanya kazi za ndani Maskati. Madamu anampa riali 20 aende sokoni, na jioni anataka daftari, risiti na chenji. Dada ananunua vitu saba, na kila kimoja anakiandika haraka haraka kama alivyokisikia au kukisoma:

```
Kuku 1.9
Maziwa .75
Mchele 3.25
Vitunguu .385
Mafuta 2.1
Sabuni 1.05
Nyanya .64
```

Hakuna bei hata moja hapo iliyoandikwa vibaya. Kuku ni riali moja na baisa 900, na 1.9 ni sawa kabisa na 1.900. Tatizo linakuja wakati wa kujumlisha. Macho yanaona namba mbili zilizotenganishwa na nukta, akili inasema kushoto ni riali, kulia ni baisa. Basi dada anajumlisha kulia peke yake: 9 na 75 na 25 na 385 na 1 na 5 na 64, anapata 564. Kushoto anapata 7. Anaandika jumla riali 7 na baisa 564, na kutoka kwenye 20 anategemea chenji ya 12.436.

Mkononi ana 9.925. Zimepungua riali 2 na baisa 511, na hakuna aliyeiba. Sasa nenda ukamweleze madamu. Wapo wanaolipa tofauti kama hiyo kwenye mshahara kwa sababu hawawezi kuonyesha imetoka wapi.

Imetoka hapa. Tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni mafungu ya baisa mia mia. Ya pili ni ya kumi kumi. Ya tatu ndiyo baisa moja moja. Ile 9 ya kuku imekaa nafasi ya mia, kwa hiyo ni baisa 900, siyo 9. Ile 1 ya mafuta ni baisa 100. Ile 75 ya maziwa ni 750. Vitunguu peke yake ndivyo vilivyoandikwa na tarakimu zote tatu, na ndiyo maana ndivyo pekee vilivyohesabiwa sawa.

Dawa yake ni kuziandika sifuri za mwisho zote, na nukta kukaa chini ya nukta:

```
Kuku        1.900
Maziwa      0.750
Mchele      3.250
Vitunguu    0.385
Mafuta      2.100
Sabuni      1.050
Nyanya      0.640
           ------
Jumla      10.075
```

Sifuri za mwisho haziongezi bei wala haziipunguzi. Kazi yake ni kujaza nafasi, ili mia ikae chini ya mia na kumi chini ya kumi. Ukishazijaza, unaweza kujumlisha kuanzia kulia kama tulivyofundishwa shule ya msingi, na ile tabia ya kusoma upande wa kulia kama baisa inageuka kuwa sahihi, maana 1.900 kweli ni riali moja na baisa mia tisa. Kutoka 20.000 toa 10.075, inabaki 9.925: noti ya tano, noti nne za riali moja, nusu riali, noti nne za baisa mia, na sarafu ya 25. Inalingana na mkononi.

Angalia pia sifuri ya mbele. Maziwa tumeandika 0.750, siyo .750. Kalamu ikififia au karatasi ikiloa jikoni, nukta inayoanza peke yake hupotea, na anayesoma anaona 750. Sifuri ya mbele inailinda nukta.

Kwenye daftari, njia rahisi ni lile daftari la hesabu lenye miraba midogo. Kabla hujaandika chochote, chora mstari mmoja wa wima kuanzia juu hadi chini ya ukurasa, huo ndio mstari wa nukta. Kila nukta ikae juu ya mstari huo. Kulia kwake kuna miraba mitatu na lazima yote mitatu ijae. Kushoto, riali zinaanzia karibu na mstari kwenda nje, kwa hiyo 10 inachomoza mraba mmoja zaidi ya 3. Ukiona mraba mtupu upande wa kulia, bei hiyo haijakamilika, ijaze kabla ya kujumlisha. Juu ya safu andika neno riali mara moja tu, usilirudie kila mstari.

Kuhakikisha, jumlisha baisa peke yake: 900 na 750 na 250 na 385 na 100 na 50 na 640, unapata 3075. Kila baisa 1000 ni riali moja, kwa hiyo hizo ni riali 3 na baisa 75. Riali za kushoto ni 7. Jumla riali 10 na baisa 75. Na sasa angalia vizuri, maana hapa hata wazoefu huteleza: riali 10 na baisa 75 huandikwa 10.075, wala siyo 10.75. Baisa 75 hazifiki mia, kwa hiyo nafasi ya mia inapata sifuri. Ukiandika 10.75 umeandika baisa 750, na umeongeza 675 bila kununua kitu. Hivyo sifuri ya katikati ni ya lazima na ukiifuta bei inabadilika. Sifuri ya mwisho haibadilishi bei ila inakuonyesha kwamba bei imekamilika.

Kalkuleta ya simu haikusaidii kwenye jambo hili. Inajumlisha sawa, lakini jibu ikilitoa inazitupa sifuri za mwisho. Ukitoa 10.100 kwenye 20 itakuonyesha 9.9. Unapolihamishia daftarini lirudishie sifuri zake, 9.900, usilinakili lilivyo.

Risiti za bakala na za sokoni nyingine zina tarakimu za Kiarabu, na huko sifuri yenyewe ni kidoti: ٠. Tano ndiyo inayofanana na sifuri yetu: ٥. Kinachotenganisha riali na baisa ni alama kama mkato, ٫ . Sabuni yetu ya 1.050 utaiona hivi: ١٫٠٥٠. Anayesoma kwa haraka anaona vidoti viwili na mkato, anachagua kidoti kimoja kuwa nukta, na bei inaharibika. Namba za Kiarabu zinasomwa kushoto kwenda kulia kama zetu, hata kama maneno yanakwenda kinyume. Kwa hiyo tafuta mkato kwanza, kisha hesabu tarakimu tatu kulia kwake. Zikitimia tatu, umesoma sawa.

Wanaotumia Google Sheets au Excel, bei ingiza namba tupu, usiandike neno ndani ya kisanduku kimoja na bei. Ukiandika "1.9 riali" programu inaichukulia kama maneno, na jumla inairuka kimyakimya bila kukuambia. Dalili yake ni rahisi kuiona: kama hujagusa mpangilio, maneno huegemea kushoto mwa kisanduku na namba huegemea kulia. Ukiona bei moja imekimbilia kushoto, hiyo haijahesabiwa. Kwenye Google Sheets ya kompyuta, chagua safu nzima, nenda Format, kisha Number, kisha Custom number format, uandike:

```
0.000
```

Kuanzia hapo ukiandika 1.9 inakuja 1.900 yenyewe, na .75 inakuja 0.750. Jumla unaiweka chini:

```
=SUM(B2:B8)
```

Huna haja ya kusogeza nukta moja moja. Kila bei ikiwa na tarakimu tatu mwishoni na zote zikiegemea kulia, nukta zinajipanga zenyewe. Ila usichague tarakimu mbili kwa sababu zinapendeza. Vitunguu vya 0.385 vitaonekana 0.39, na mtu akilinganisha na risiti ataona baisa 5 zimeongezeka. Namba halisi bado imo ndani, lakini yeye anasoma kile anachokiona kwenye kioo.

Ukituma hesabu kwa WhatsApp, safu uliyoipanga vizuri mara nyingi inafika imepinda, kwa sababu herufi za kawaida za simu hazina upana sawa na nafasi tupu ni nyembamba kuliko tarakimu. Weka alama hii ` mara tatu mwanzo wa orodha na mara tatu mwisho wake, ujumbe utaonekana kwa herufi za upana mmoja na nukta zitakaa chini ya nukta.

Mwisho kuna hesabu ya kupeleka nyumbani. Hapa usichanganye hela za nchi mbili kwenye safu moja. Riali ina tarakimu tatu, shilingi huko nyumbani tunaiandika bila nukta kabisa, na zikikaa safu moja hakuna mstari utakaozifaa zote mbili. Fanya safu mbili, moja ya riali na moja ya shilingi, kila moja na jina lake juu. Jina hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu mama yako kijijini akiona 45.000 bila neno lolote, anaweza kusoma elfu arobaini na tano, wakati wewe umeandika riali arobaini na tano kamili. Elfu za shilingi ziandike kwa mkato, 45,000, na nukta iachie riali peke yake. Kiwango cha kubadilisha fedha nacho kiandike pembeni, nje ya safu zote mbili, kama kilivyo kwenye risiti ya dukani ulikotumia, na tarakimu zake zote hata zikiwa nne au tano. Hicho siyo bei, kwa hiyo usikikate wala usikijazie sifuri ili kifanane na bei.