Finjani ikiwekwa chini imejaa: mgeni wa biashara katika nyumba za Ghuba

Wafanyabiashara wanaofuata mali Dubai, Sharja na Maskati hujifunza mapema bei za soko, nauli ya kontena na ushuru wa bandarini. Jambo ambalo wengi hulikuta bila maandalizi ni mwaliko wa nyumbani. Mwenye duka ambaye mteja amenunua kwake mara mbili au tatu na kulipa vizuri humwambia aje nyumbani jioni kunywa kahawa. Kwa mteja anayetaka kupewa mali kauli, yaani achukue mzigo sasa na kulipa baada ya kuuza, mwaliko huo una uzito, kwa kuwa hapo ndipo mwenye mali humtazama mtu anayemwamini na fedha zake.

Tatizo huanza pale mgeni asipotaka, au asipoweza, kunywa na kula kila kinacholetwa. Mwingine ana vidonda vya tumbo, mwingine ana kisukari, na mwingine ametoka kula hotelini nusu saa iliyopita. Kukataa kunaruhusiwa, ila kuna namna yake, na sehemu kubwa ya namna hiyo haitamkwi kwa mdomo. Hufanywa kwa mkono.

Kahawa ya Ghuba siyo ile nyeusi inayouzwa barazani Zanzibar au Mombasa. Buni hukaangwa kidogo tu, hivyo rangi yake hukaribia manjano. Hutiwa iliki, pengine na zafarani, na haitiwi sukari. Utamu hutoka kwenye tende zinazoliwa pamoja nayo. Huletwa katika dele, na mmiminaji, ambaye mara nyingi ni kijana wa nyumba hiyo, hushika dele kwa mkono wa kushoto na finjani kwa mkono wa kulia. Finjani yenyewe ni kikombe kidogo kisicho na mkono, na humiminwa robo yake au theluthi tu. Mgeni asiyejua huweza kudhani amebaniwa. Ukweli ni kinyume chake: kidogo maana yake ni kwamba utaongezewa, na finjani iliyojazwa hadi juu huweza kuchukuliwa kama njia ya kumwambia mgeni anywe aondoke. Mwaka 2015 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliiingiza desturi hii ya kahawa katika orodha yake ya urithi, kwa ombi la pamoja la Falme za Kiarabu, Saudia, Omani na Katari.

Mgeni hupokea kwa mkono wa kulia, hunywa kwa mafunda mawili matatu, kisha humrudishia mmiminaji finjani. Hapo ndipo penye uamuzi. Akiirudisha kimya, anamaanisha ongeza, na ataongezewa. Akitaka kukoma, huishika kwa ncha za vidole na kuitikisa kidogo, kulia na kushoto, mara mbili au tatu, huku akiikabidhi. Mmiminaji akiona hivyo huipokea na kupita kwa mwingine. Haulizi kwa nini, wala mwenye nyumba hachukii, kwa sababu ukarimu wake umekwisha kupokewa.

Mtikisiko huo ni lazima uje kabla dele halijainamishwa. Mgeni anayekumbuka baada ya kahawa kumiminwa hana budi kuinywa, kisha atikise safari inayofuata. Anayejitetea kwa maneno tu, akisema "shukrani, shukrani" huku mkono wake umeshika finjani wima, huendelea kumiminiwa. Mwenyeji husikia adabu, ila mkono haujamwambia kitu. Aidha, si vizuri kumchelewesha mmiminaji. Yeye husimama wakati wageni wameketi, na idadi ya finjani mara nyingi huwa ndogo kuliko idadi ya watu, hivyo anayeshikilia yake kwa robo saa akisimulia hali ya soko anamnyima jirani yake.

Wazee wa Kibedui huzihesabu finjani kwa majina. Ya kwanza kabisa ni ya mwenyeji, ambaye huonja mbele ya wageni kuonyesha kahawa ni salama. Inayofuata ni ya mgeni, kisha ya starehe, kisha ya upanga, ambayo zamani iliashiria kwamba mnywaji yuko tayari kumtetea mwenyeji vitani. Mfanyabiashara hana haja ya kufika kwenye upanga. Finjani moja inatosha kutimiza haki ya nyumba, na tatu ni kiasi ambacho hakuna atakayekiona kichache wala kingi.

Lakini iko namna moja ya kutokunywa ambayo ni tofauti na nyingine zote, na inafaa ielezwe kwa kirefu. Katika desturi hiyo ya Kibedui, mgeni aliyepokea finjani kisha akaiweka chini mbele yake ikiwa haijaguswa anatoa tamko: nina haja, na sitakunywa mpaka nijibiwe. Mwenyeji humwuliza haja yake. Wenyeji wengi wa kale walikuwa wakisema, hata kabla ya kusikia, kunywa kahawa yako, haja yako imekubaliwa. Njia hiyo ilitumika kwa mambo mazito kama posa, ulinzi au suluhu ya damu. Kumwacha mgeni aondoke na kahawa yake imepoa ilikuwa fedheha, na habari hiyo ilisambaa.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa vipuri vya magari kutoka Kariakoo. Amechukua Sharja mzigo wa dirhamu 40,000 kwa mali kauli. Amelipa 25,000, na 15,000 zilizobaki zinatakiwa mwisho wa mwezi. Fedha anazo, na nia yake ni kumaliza deni na kuomba mzigo wa pili. Anaalikwa nyumbani kwa mwenye mali, ambako baba mzee wa familia ndiye anayeongoza baraza. Tumbo lake halipatani na kahawa. Kwa aibu ya kusema hapana anapokea finjani, anaiweka juu ya meza ndogo iliyo mbele yake, na kuendelea na mazungumzo.

Mzee anaitazama finjani. Mazungumzo yanapungua, kisha anauliza, "Haja yako ni nini?" Mgeni, akidhani anaulizwa kama amepungukiwa na kitu, anajibu kwamba hana shida. Mzee anauliza mara ya pili. Mgeni anacheka na kusema kila kitu ni sawa, labda wazungumze biashara kesho. Kwa hesabu yake amejibu kwa adabu. Kwa hesabu ya mzee, mtu mwenye deni la 15,000 amekuja nyumbani, amekataa kahawa kama mwenye ombi zito, kisha ameona haya kulitaja. Ombi gani jingine linaweza kuwa, kama siyo kuongezewa muda? Jioni hiyo mzigo wa pili hautajwi tena.

Dalili ya kosa katika mfano huu ilikuwa wazi: macho yaliyotua kwenye finjani, na swali lililorudiwa. Mgeni akiona hayo, dawa ni kuinua finjani palepale, kunywa hata funda moja, na kusema hana haja ila salamu, halafu kuitikisa na kuirudisha. Baada ya hapo anaweza kueleza habari ya tumbo lake, na watacheka pamoja.

Lililo bora zaidi ni kutoipokea kabisa kuliko kuipokea na kuiweka. Mmiminaji anapokaribia, mgeni huweka mkono wa kulia kifuani, husema kwamba tabibu amemkataza kahawa, kisha huchukua tende moja na maji. Tende hiyo ndiyo inayobeba kazi yote, kwa kuwa mgeni amekula cha nyumba. Aliyealikwa kupitia dalali humweleza dalali huyo mapema, ili habari imfikie mwenye nyumba kabla ya mgeni mwenyewe. Mwenye kisukari ana kazi nyepesi zaidi anapoletewa halua ya Omani au chai tamu. Akisema "indi sukari" ataeleweka mara moja, kwani maradhi hayo yameenea sana Ghuba na kila familia inayajua.

Ni haki kusema pia kwamba si kila nyumba husoma finjani kwa namna hiyo leo. Kijana wa Dubai aliyesomea biashara ng'ambo pengine hataona lolote katika kikombe kilichowekwa mezani. Maskati nako ziko familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, zilizorejea kutoka Zanzibar na bara baada ya Sultani Kabusi kushika madaraka mwaka 1970, na huko mgeni anaweza kujieleza kwa lugha yake mwenyewe. Ila mgeni hana njia ya kujua mapema kama mzee aliyeketi pembeni ni wa kale au wa kisasa, na kutikisa finjani hakumgharimu senti.

Ishara hiyo isibebwe hadi Guangzhou. Nyumbani kwa Mchina kutikisa kikombe hakuna maana, na kikombe cha chai kilichokwisha hujazwa tena bila kuulizwa. Asiyetaka zaidi hukiacha kimejaa, yaani jambo lile lile ambalo Sharja lingezua swali. Huko Guangdong kugonga meza kwa vidole viwili ni asante kwa kumiminiwa. Asiyekunywa pombe hulitangaza hilo mwanzoni mwa karamu na kuinua chai badala yake. Akionja glasi ya kwanza kisha akakataa ya pili, ataonekana amemchagua wa kunywa naye.

Kuhusu chakula kamili katika nyumba ya Ghuba, mahali pa kukataa ni pale mwaliko unapotolewa, wala si mlangoni mbuzi akiwa amekwisha chinjwa. Mwenyeji hualika mara mbili au tatu, na kukataa mara ya kwanza huchukuliwa kuwa ni haya tu. Kinachofanya kazi ni kukataa kikubwa kwa kukubali kidogo: chakula cha mchana hapana, ila finjani ya kahawa baada ya Alasiri nitakuja. "Inshallah" pekee haitoshi, maana mwenyeji anaweza kuihesabu kuwa ndiyo na akapika.

Akishafika kwenye sinia, mgeni ale polepole kutoka upande wake, na aache kiasi mbele yake, kwani sehemu iliyosafishwa huongezewa nyama iliyo bora. Asiwe wa kwanza kuacha. Mgeni mkuu akinyanyua mkono wengine nao huacha, hata wenye njaa, na mwenyeji hujiuliza kama mchele ulikuwa na kasoro.

Mwishoni huletwa chetezo cha udi, kikapitishwa kwa kila mmoja afukize nguo zake. Watu wa Ghuba husema baada ya udi hakuna kuketi. Mgeni ajifukize, ashukuru na asimame. Akiambiwa abaki kidogo, asikae tena. Aliyebakiwa na neno la mzigo, bei au tarehe ya malipo alipeleke dukani asubuhi inayofuata.