Saa Moja ya Kwanza: Kutambua Sepsisi kwa Mzazi Aliye Wodini

Mwongozo huu ni kwa wauguzi, wakunga na madaktari wa zamu katika wodi ya wazazi. Unamhusu mama aliyejifungua bila shida, kisha siku ya pili au ya tatu akaanza kuzidiwa na maambukizi wakati chati yake bado inaonekana haina neno.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilieleza sepsisi ya uzazi kuwa ni maambukizi yanayovuruga kazi ya viungo vya mwili na kuhatarisha maisha, wakati wa ujauzito, wa kujifungua, baada ya mimba kutoka au baada ya kujifungua. Homa haimo katika maelezo hayo. Mzazi anaweza kuwa na sepsisi akiwa na joto la kawaida, hasa akiwa amemeza parasetamoli kwa ajili ya kidonda, na wengine joto hushuka chini ya nyuzi 36. Hesabu ya chembe nyeupe za damu nayo haisaidii sana siku hizo, kwa kuwa hupanda yenyewe baada ya kujifungua.

Chati inavyosomwa

Chati nyingi za tahadhari zimetokana na ile iliyopendekezwa Uingereza mwaka 2007. Kila kipimo kina eneo la njano na eneo jekundu. Upumuaji wa 21 hadi 30 kwa dakika ni njano, na zaidi ya 30 ni nyekundu. Mapigo ya 100 hadi 120 ni njano, na zaidi ya hapo ni nyekundu. Presha ya juu kati ya 90 na 100 ni njano, na chini ya 90 ni nyekundu. Joto linalozidi 38 au lililo chini ya 35 ni nyekundu. Nyekundu moja, au njano mbili kwa wakati mmoja, zinatosha kumwita daktari. Kama chati ya hospitali yako ina mipaka tofauti kidogo, fuata hiyo.

Chati hii hupiga kengele mara nyingi bila moto. Katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2012, kati ya wanawake 10 waliofikia kiwango cha kuita, takriban 4 tu ndio waliokuwa na tatizo kubwa. Ndiyo maana watumishi huizoea na kuipuuza. Hata hivyo, kumwendea bure mzazi mzima kunagharimu dakika chache tu.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye safu ya upumuaji. Ukifungua mafaili kumi utakuta "20" imeandikwa kuanzia asubuhi hadi usiku, kwa kila mgonjwa. Namba hiyo haikuhesabiwa. Tazama kifua au tumbo likipanda na kushuka kwa dakika nzima, saa ikiwa mkononi, bila kumwambia mzazi unachohesabu, maana akijua atabadili pumzi.

Mfano

Mama wa miaka 24 yuko siku ya pili baada ya upasuaji. Saa 12 asubuhi mapigo ni 96, presha 112/70, joto 37.4, upumuaji "20". Saa 4 mapigo ni 108, presha 106/64, joto 37.8, upumuaji "20" tena. Analalamika tumbo, anapewa parasetamoli. Mama yake anamfuata muuguzi: "Sista, mwanangu leo hataki hata kumpakata mtoto." Anajibiwa kwamba ni uchovu wa upasuaji.

Saa 8 mchana anakuja muuguzi wa zamu nyingine na kuhesabu pumzi: 28. Mapigo 118, presha 98/60, joto 37.1. Hizo ni njano tatu, na joto limeshuka.

Rudi saa 4. Njano ilikuwa moja, ya mapigo. Lau pumzi zingehesabiwa, huenda zingekuwa tayari zimepita 20, na zile njano mbili zingetimia saa nne kabla. Hata bila upumuaji, gawanya mapigo kwa presha ya juu: asubuhi 96 kwa 112 ni 0.86, saa 4 ni 1.02, saa 8 ni 1.2. Ikifika 0.9 au kuzidi, mwangalie upya na urudie vipimo ndani ya nusu saa. Maneno ya bibi wa mtoto pia yalikuwa kipimo. Mzazi aliyekuwa akimshughulikia mwanawe jana na leo hamjali, akili yake imeanza kuguswa, na hilo liandikwe kwenye chati.

Saa moja inapoanza

Saa inaanza kuhesabiwa pale vipimo vinapoonekana, si pale daktari anapofika. Mpigie simu kwa maneno yanayobeba namba: "Dokta, mzazi wa siku ya pili baada ya upasuaji, pumzi 28, mapigo 118, presha 98 kwa 60, amezubaa. Nahisi sepsisi. Naomba uje sasa." Ukisema tu "hali si nzuri", atakuja akimaliza alichonacho.

Wakati ukimsubiri, weka kanula kubwa mbili na uchukue damu humo humo: wingi wa damu, kundi, sukari, malaria, na ya kuotesha vijidudu kama maabara ina uwezo. Mpe oksijeni ikiwa kipimo kiko chini ya 94. Weka mpira wa mkojo. Mkojo chini ya mililita 30 kwa saa ni onyo kwamba figo zinaumia.

Antibiotiki ndiyo inayocheleweshwa zaidi, kwa kawaida kwa sababu ndugu wametumwa kununua dawa nje. Dozi ya kwanza iwe kwenye kabati la dharura la wodi. Mchanganyiko unaotumika sana ni ampisilini gramu 2, jentamaisini miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, na metronidazo miligramu 500, zote kwa mshipa. Uliza kwanza kuhusu mzio wa penisilini. Kipimo cha kuotesha kisicheleweshe dozi. Maumivu makali kupita kiasi, pamoja na kuharisha au ngozi nyekundu inayosambaa kwa kasi, yatie shaka ya streptokoka wa kundi A. Hapo klindamaisini iongezwe.

Maji yanahitaji mkono wenye hesabu. Anza na mililita 500 za Ringa lakteti kwa muda wa nusu saa hivi, kisha simama umpime: pumzi, mapigo, presha, na usikilize mapafu sehemu ya chini. Akiwa na nafuu na mapafu safi, rudia. Pumzi zikiongezeka au ukisikia maji kifuani, acha. Utafiti wa Zambia uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini waliopewa maji mengi kwa haraka walifariki zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hawakuwa wazazi, lakini mazingira yao yanafanana na yetu: hakuna mashine ya kupumulia karibu. Mwenye kifafa cha mimba au upungufu mkubwa wa damu apewe kidogo zaidi, kwa agizo la daktari.

Kisha tafuta chanzo: kidonda, kizazi, matiti, mkojo, mapafu. Katika mfano wetu daktari anakuta tumbo gumu na damu ya uzazi yenye harufu mbaya. Usaha ulio tumboni au mabaki ya kondo havitaisha kwa sindano peke yake, kwa hiyo chumba cha upasuaji kijulishwe mapema.

Pima kila dakika 15 hadi atulie. Kama baada ya maji hayo presha bado iko chini ya 90, anahitaji dawa za kupandisha presha na uangalizi wa karibu. Hospitali isiyo na huduma hizo impeleke rufaa akiwa ameshapata antibiotiki. Kwenye barua andika saa ya kila dozi na kiasi cha maji aliyopewa, ili anayempokea asianze kuhesabu upya.