Barua ya Bingwa kwa Daktari wa Familia: Lugha ya Maelezo na Maagizo katika Kifafa Kilichogunduliwa Karibuni

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza matini moja fupi: barua ambayo daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu humwandikia daktari wa familia baada ya kumpima mgonjwa na kuthibitisha kuwa ana kifafa. Kwa kawaida barua hiyo huandikwa kwa Kiingereza hapa kwetu, ingawa mgonjwa amejieleza kwa Kiswahili na maagizo yatamrudia kwa Kiswahili. Kwa hiyo maneno ya mgonjwa huvuka mpaka wa lugha mara mbili, na kila mara kitu fulani huweza kupotea. Tumejaribu kuiandika barua hiyo moja kwa moja kwa Kiswahili ili tuone ni wapi lugha inaibeba bila taabu na ni wapi inamtaka mwandishi awe mwangalifu. Mgonjwa tuliyemweleza ni wa kubuni. Ugonjwa wake, vipimo na dozi ni vya aina inayokutwa kliniki kila siku.

2.0 Barua yenyewe

YAH: BI. M., MWANAMKE, MIAKA 24, MWALIMU WA SHULE YA MSINGI

Ndugu Daktari,

Nakushukuru kwa kunitumia mgonjwa huyu. Ana kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, upande wa kushoto, karibu na sikio. Nimemwanzishia lamotrijini.

Ameanguka na kukakamaa mwili mzima mara 2 katika miezi 5, mara zote usingizini, kukaribia alfajiri. Lakini kwa muda wa miaka 2 hivi amekuwa akipata matukio madogo, mara 3 au 4 kwa mwezi. Huhisi kitu kikipanda kutoka tumboni hadi kooni, kisha hutazama tu, hutafuna bila kuwa na chakula mdomoni na kupapasa nguo zake. Dada yake anasema hali hiyo huchukua dakika moja au mbili. Hajibu akiitwa, wala hakumbuki baadaye. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alipata degedege la homa lililochukua zaidi ya nusu saa.

Nilipompima sikuona udhaifu wowote wa mwili. Kipimo cha umeme wa ubongo kinaonyesha mawimbi makali upande wa kushoto, na picha ya ubongo iliyopigwa kwa mashine ya sumaku inaonyesha kovu katika hipokampasi ya upande huohuo.

Dozi ni kama ifuatavyo. Wiki ya 1 na ya 2: jumla ya miligramu 25 kwa siku, zote usiku. Wiki ya 3 na ya 4: jumla ya miligramu 50 kwa siku, zote usiku. Kuanzia wiki ya 5: jumla ya miligramu 100 kwa siku, yaani 50 asubuhi na 50 usiku. Abaki hapo hadi nitakapomwona baada ya miezi 3.

Asiache dawa ghafla, isipokuwa kwa sababu moja: akitokwa na vipele, hasa vikiambatana na homa, vidonda vya mdomo au macho mekundu, asimamishe dawa na umwone siku hiyohiyo. Akikosa dawa kwa zaidi ya siku 5 mfululizo, aanze upya na miligramu 25. Dawa ikikosekana dukani, tafadhali usimbadilishie valproeti kabla hatujazungumza.

Kwa sasa hatumii vidonge vya majira. Akitaka kuanza, naomba unijulishe kwanza. Nimempa asidi ya foliki miligramu 5 kwa siku. Nimemweleza pia kwamba asiogelee peke yake, na dada yake amekubali kusimamia upishi wa jikoni.

Wako katika kazi.

3.0 Kuanguka, kifafa na degedege

Aya ya pili ya barua ndiyo inayobeba utambuzi wa ugonjwa, na ndiyo iliyo ngumu zaidi kuiandika. Neno la kawaida la watu kwa ugonjwa huu ni kuanguka. Daktari akimwuliza Bi. M., "Umeanguka mara ngapi?" atajibu kweli kabisa kwamba ameanguka mara mbili. Matukio madogo hayamo katika hesabu hiyo kwa sababu hayamwangushi. Yeye mwenyewe huyaita "kupitiwa", na aliyafikiria kuwa ni uchovu. Daktari asipouliza kwa namna nyingine, ugonjwa wa miaka miwili utaonekana kuwa wa miezi mitano. Kibaya zaidi, matibabu yatahesabiwa kuwa yamefaulu mara tu kuanguka kutakapokoma, ilhali mwalimu huyu angali akipotea mbele ya darasa mara nne kwa mwezi.

Neno kifafa nalo lina tatizo lake. Katika matumizi ya kila siku hutaja ugonjwa na pia hutaja tukio moja la ugonjwa huo: tunasema "ana kifafa" na vilevile "alishikwa na kifafa jana". Kitabibu mambo haya mawili lazima yatengane. Kwa ufafanuzi uliotolewa mwaka 2014 na jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kifafa, mtu huhesabiwa kuwa na ugonjwa huu akipata matukio mawili yasiyo na kichochezi, yaliyoachana kwa zaidi ya saa 24. Au tukio moja tu, iwapo dalili nyingine zinaonyesha kwamba uwezekano wa kurudiwa ni mkubwa. Mwandishi akitumia kifafa kwa maana zote mbili, msomaji hawezi kujua kama tayari hukumu imetolewa. Ndiyo maana barua inatumia tukio kwa jambo linalotokea, na kuliacha neno kifafa liwe jina la ugonjwa peke yake.

Degedege, kwa upande mwingine, ni neno ambalo Kiswahili kinaweza kujivunia. Linataja mtukutiko wa mtoto mdogo mwenye homa, na kila mzazi anaielewa maana hiyo hata kama hawaafikiani juu ya chanzo chake. Katika barua yetu neno hilo moja, pamoja na muda wa zaidi ya nusu saa, linaiandaa akili ya msomaji kwa ajili ya kovu la hipokampasi linalotajwa katika aya inayofuata. Degedege refu la utotoni hupatikana mara nyingi katika historia za wagonjwa wenye kovu la aina hiyo, ingawa watoto wengi sana hupata degedege la homa na wasiugue kifafa maishani.

4.0 Kupoteza fahamu

Mwaka 2017 wataalamu waliyagawa matukio yanayoanzia sehemu moja ya ubongo kwa kigezo cha kujitambua: je, mgonjwa alijua kilichokuwa kikitokea? Katika marekebisho ya mwaka 2025 walirudi kwenye kigezo kipana zaidi, kile ambacho Kiswahili hukiita fahamu, na wakakipima kwa mambo mawili pamoja, kukumbuka na kuitikia. Msomaji wa Kiswahili anaweza kutabasamu hapa, kwa kuwa fahamu kwetu imekuwa ikiyabeba yote mawili siku zote. Lakini upana huo una gharama. "Alipoteza fahamu" huweza kumaanisha kuzirai, kulala kama mfu, au kutazama tu bila kuitikia. Barua haikulitumia neno hilo. Imesema hajibu akiitwa, wala hakumbuki baadaye, na kwa maneno hayo machache daktari wa familia amepewa vigezo vyote viwili bila kuhitaji istilahi.

5.0 Ongeza kwa, ongeza hadi

Hapa ndipo mgonjwa anapoweza kudhurika. Lamotrijini huanzishwa polepole kwa sababu ikipandishwa haraka huongeza hatari ya vipele, na vipele hivyo mara chache huweza kugeuka kuwa ugonjwa wa Stevens-Johnson, ambao huchubua ngozi na utando wa mdomo na macho na huweza kuua. Hatari ni kubwa zaidi katika wiki 8 za mwanzo.

Sasa tuchukulie kwamba bingwa ameandika hivi: "Aanze na miligramu 25; wiki ya 3 ongeza 50; wiki ya 5 ongeza 100." Sentensi hii ni Kiswahili sanifu, na haina kosa la sarufi. Aliyeiandika alikusudia ongeza hadi. Lakini kitenzi ongeza kikifuatwa na kiasi bila kihusishi huelekea maana ya kujumlisha: ukiambiwa "ongeza vikombe viwili vya maji", huulizi kama sufuria tayari ina kimoja. Daktari anayejumlisha atampa mgonjwa miligramu 75 katika wiki ya 3 mahali pa 50, na 175 katika wiki ya 5 mahali pa 100. Vidonge vipo vya miligramu 25, kwa hiyo hata mfamasia hataona ajabu yoyote katika hesabu ya vidonge vitatu.

Dawa ya tatizo hili si kuongeza kihusishi tu, kwani hadi huweza kurukwa katika kunakili. Barua yetu imekiondoa kitenzi chenyewe. Kila kipindi kimepewa jumla ya siku nzima, na msomaji hahitaji kukumbuka dozi ya nyuma ili aijue ya sasa. Vilevile imesema "wiki ya 3" na si "baada ya wiki 3", kwa kuwa maneno hayo ya pili yangeichelewesha dozi kwa wiki moja. Tumekwepa pia saa. "Saa 2" kwa mgonjwa ni usiku baada ya chakula. Kwa msomaji aliyezoea saa za Kizungu ni mchana. Asubuhi na usiku zinatosha.

6.0 Sababu zisizoandikwa

Maombi mawili ya mwisho yanaonekana kama adabu tu, na kwa maoni yangu huo ndio udhaifu wa barua hii. "Naomba unijulishe kwanza" ni lugha nzuri kati ya wenzi wa kazi, lakini haimwambii daktari wa familia kwa nini. Vidonge vya majira vyenye estrojeni hushusha kiwango cha lamotrijini katika damu, mara nyingi hadi karibu nusu, na katika juma la kupumzika vidonge kiwango hupanda tena. Bi. M. angeweza kuanza kuvitumia kwa ushauri wa muuguzi mwema na kuanguka tena mwezi uleule, na kila mtu angedhani kwamba dawa imeshindwa. Kitanzi na sindano havina tatizo hilo. Valproeti nayo ni dawa yenye nguvu dhidi ya kifafa, ila humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni, kwa ulemavu wa viungo na wa akili. Na ikitolewa pamoja na lamotrijini huongeza maradufu kiwango chake, hivyo dozi za mwanzo hapo juu zingekuwa kubwa mno.

Ningeongeza sentensi mbili, basi, hata kama barua ingeingia ukurasa wa pili: "Vidonge vyenye estrojeni hupunguza lamotrijini kwa karibu nusu; akihitaji uzazi wa mpango sasa, kitanzi au sindano vinafaa. Akipata mimba asiache dawa, ila nimwone mapema, kwa kuwa kiwango cha lamotrijini hushuka ujauzito unavyokua na dozi itabidi ipandishwe."