Kijana Akizimia: Muulize Alikuwa Akifanya Nini

Kijana akianguka, watu hukimbilia kusema ni kifafa au ni majini. Sisi tunaosoma udaktari hapa Mbarara swali letu la kwanza ni jingine: alikuwa akifanya nini sekunde ile alipoanguka?

Tuchukue mifano miwili kutoka kambi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Msichana wa miaka 15 amesimama foleni ya maji saa sita mchana, hajala tangu jana. Masikio yanavuma, macho yanaingia giza, jasho baridi linamtoka, kisha anaanguka. Wanamlaza, na baada ya nusu dakika anaongea vizuri. Mvulana wa miaka 16 anakimbiza mpira, na katikati ya mbio anadondoka ghafla bila hata kutanguliza mikono, akaumia uso. Kaka yake alifariki usingizini akiwa na miaka 19.

Wa kwanza damu yake ilijikusanya miguuni. Neva ikapunguza kasi ya moyo, mishipa ikalegea, presha ikashuka, ubongo ukakosa damu. Alipolazwa, damu ilirudi kichwani. Hata aliyefunga Ramadhani akazimia safuni, mara nyingi ni hivi. Anywe maji ya kutosha wakati wa kula, na akihisi dalili zile akae au alale chini mara moja.

Wa pili ana alama tatu za hatari: alizimia katikati ya mazoezi, hakupata onyo, na ndugu yake alikufa ghafla akiwa kijana. Hapa nafikiria msuli wa moyo ulionenepa ukazuia damu kutoka, au hitilafu ya umeme wa moyo. Zingatia pia aliyezimia akiwa amelala, aliyeshtuliwa na kelele, au aliyesikia moyo ukienda mbio kabla ya kuanguka. Ila anayezimia akiwa amesimama baada ya kumaliza mbio, mara nyingi yuko kama yule wa foleni.

Kutikisika mikono kwa sekunde chache hakuamui kitu, kwa kuwa hutokea kwa wote wawili.

Msichana apimwe presha akiwa amelala, kisha baada ya kusimama dakika tatu, na apigwe kipimo cha umeme wa moyo mara moja. Mvulana aache mpira leo hii, apigwe kipimo hicho, apelekwe hospitali ya rufaa Mbarara kwa ultrasaundi ya moyo. Kipimo cha umeme kikitoka safi, bado asiruhusiwe kucheza, maana hitilafu nyingine huonekana tu moyo unapofanya kazi kubwa. Ndiyo maana maelezo ya aliyemwona akianguka yana uzito kuliko karatasi ya mashine.

Na kama aliyeanguka haamki wala hapumui, usingoje: anza kumkandamiza kifua, mwingine atafute gari.